Mjomba alifariki siku gani?

Mkaza mjomba alinipigia simu kutoka Ujiji usiku wa Jumatano, saa nne hivi. Hakunisalimia, naye si mtu wa kuacha salamu. "Mwanangu, asubuhi wameniambia mzee keshafariki. Jioni wakaniambia moyo bado unapiga. Mimi nakuuliza jambo moja tu: nianze eda au nisubiri?"

Nilikuwa Dar es Salaam, kwenye korido ya wodi ya mahututi. Mjomba alikuwa amekwenda kumtembelea mwanawe, na Jumapili baada ya Isha akashika kichwa, akasema kinamuuma kuliko alivyowahi kuumwa maishani, akaanguka. Ulikuwa mshipa uliopasuka ndani ya kichwa. Mimi nasomesha fiqhi Kasingirima miaka mingi sasa, na mlango wa janaza nimeupitisha kwa wanafunzi mara zisizo na hesabu. Lakini swali lile la mama sikuweza kulijibu palepale. Nilimwambia, "Mama, subiri. Usianze chochote mpaka nikupigie." Makala hii ni jibu ambalo sikuwa nalo usiku ule, pamoja na njia niliyopita kulifikia.

Katika vitabu vya Kishafii tunavyosomesha, alama za mauti zinajulikana. Macho hukodoa, pua hupinda, panja hubonyea, vitanga vya miguu hulegea visiweze kusimama. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliingia kwa Abu Salama akamkuta macho yako wazi, akayafumba, akasema kwamba roho ikichukuliwa jicho huifuata. Na mafakihi wakaongeza sharti la maana sana: kukiwa na shaka, kama mtu kafa ghafla au kazama majini, hazikwi mtu mpaka yakini ipatikane, hata kama ni kungoja mwili ubadilike harufu.

Mjomba hakuwa na hata alama moja kati ya hizo. Mwili ulikuwa na joto. Kifua kilipanda na kushuka kwa mwendo uleule kama saa ya ukutani. Ukimshika kifundo cha mkono unasikia mapigo. Kwenye ubavu wa kitanda ulining'inia mfuko wa mkojo, na muuguzi alikuja kuumwaga mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Mkojo wenyewe ulikuwa mweupe kama maji ya mvua.

Kilichotuchanganya zaidi ni maneno. Daktari wa zamu ya kwanza alisema "amefariki". Muuguzi wa zamu iliyofuata akasema "anapumua kwa mashine". Binamu yangu akamuuliza, maiti anapumuaje? Hakuna aliyemjibu kwa utulivu, kila mmoja alikuwa na haraka zake. Kisha Jumanne usiku mkono wa mjomba ukajikunja, vidole vikasogea juu ya shuka, binamu akapiga kelele wodi nzima ikasikia.

Bingwa wa ubongo alikuja Jumatano asubuhi kurudia vipimo vya Jumanne, na alifanya jambo ambalo namwombea dua kwalo mpaka leo: alituruhusu wawili tusimame pale tutazame.

Kwanza alitueleza vinavyoweza kudanganya. Mtu aliyepewa dawa nyingi za usingizi, au aliyepoa mwili sana, au ambaye chumvi na sukari za damu zimeharibika, anaweza kuonekana kama aliyekufa ubongo naye hajafa. Kwa hiyo walihakikisha dawa zimetoka mwilini, joto limefika nyuzi 36, na msukumo wa damu ni wa kutosha. Ndipo akaanza. Alimulika tochi kwenye mboni, hazikusinyaa. Akagusa kioo cha jicho kwa ncha ya pamba, kope haikucheza. Akaingiza mpira mwembamba kooni, hakukohoa. Akamimina maji ya barafu sikioni taratibu, akatuambia tutazame macho: shina la ubongo likiwa hai, macho huvutwa polepole kuelekea upande wa baridi. Macho ya mjomba hayakuvutwa popote.

Mwisho wakaja kwenye kipimo cha pumzi. Wakamlisha oksijeni safi kwa muda, wakachukua damu, kisha wakaichomoa mashine. Oksijeni iliendelea kuingia kwa kijimpira chembamba ili mwili usidhurike, ila hakuna kilichomsukumia pumzi. Wakafunua kifua na tumbo. Tukakodoa macho sote. Daktari alieleza kwa sauti ya chini kwamba hewa ya ukaa ilikuwa inajikusanya kwenye damu, na kwamba hakuna kichocheo cha kupumua kikali kuliko hicho. Ikipita milimita 60 za zebaki, shina la ubongo lenye chembe ya uhai litavuta pumzi tu. Tulingoja dakika kumi. Nilisoma Yasini moyoni, sikufika mwisho. Kifua hakikuinuka. Walipopima damu, hewa ya ukaa ilikuwa imetoka 41 imefika 72. Wakamrudishia mashine, na daktari akatazama saa, akaandika.

Nikamuuliza kuhusu mkono. Akasema uti wa mgongo una vitendo vyake visivyohitaji ubongo, kama goti linaloruka likigongwa, na kwa watu waliokufa ubongo mkono huweza kujikunja au hata kuinuka kifuani. Nikamuuliza kuhusu mkojo. Akasema ndani ya ubongo kuna sehemu inayoziamrisha figo zizuie maji. Ikifa, figo huyaachia yote. Niliyakumbuka maneno hayo ya mkojo baadaye, kwa sababu ndiyo yaliyonifungulia mlango wa azimio ambalo baraza la fiqhi lilitoa Amman, Jordan, juu ya kifo cha ubongo.

Wanasheria wa zama zetu hawakulikuta suala hili vitabuni, maana mashine ya kupumulia haikuwepo. Madaktari wa Ufaransa walieleza hali hii mwaka 1959, na mwaka 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ikapendekeza kwamba ubongo ukishakufa mtu ahesabiwe amekufa. Miezi michache tu kabla yake, Desemba 1967, Christiaan Barnard alikuwa amepandikiza moyo wa mtu kwa mara ya kwanza kule Cape Town. Mambo hayo mawili yalifuatana, na tangu hapo wapo waliohisi kwamba kifo kimefafanuliwa upya ili viungo vipatikane. Mafakihi nao walikuwa na wasiwasi huo, na si wa kuupuuza.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, liliitazama mada hii Jeddah mwaka 1985 likaiahirisha ili isomwe zaidi pamoja na madaktari. Oktoba 1986, kwenye kikao cha tatu mjini Amman, likatoa azimio. Likasema mtu anahesabiwa amekufa kisheria, na hukumu zote za kifo zinamhusu, ikionekana moja ya alama mbili. Ya kwanza ni moyo na pumzi kusimama kabisa na madaktari wakahukumu kwamba havirudi. Ya pili ni kazi zote za ubongo kusimama kabisa, mabingwa wakahukumu kwamba hazirudi, na ubongo ukawa umeanza kuoza. Katika hali hiyo ya pili inafaa kuondoa mashine, hata kama moyo bado unadunda kwa msaada wake.

Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1987, baraza jingine la fiqhi, lile la Rabita, Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, lililoko Makka, likamtazama mgonjwa yuleyule. Likasema kazi zote za ubongo zikisimama moja kwa moja, na madaktari watatu mabingwa wakakubaliana kwamba hazirudi, inafaa kuondoa mashine. Hapo limekwenda sambamba na Amman. Kisha likaongeza sentensi moja: hahukumiwi kufa kisheria mpaka pumzi na moyo visimame kabisa baada ya mashine kuondolewa.

Niliposoma maazimio haya mawili miaka iliyopita niliyaona kama tofauti ya maneno. Nikiwa wodini niliona kwamba eda ya mwanamke wa watu imesimama juu ya sentensi ile.

Kuna jambo ambalo wengi hawalioni, nami sikuliona. Kuondoa mashine na kuhukumu kifo ni masuala mawili, kila moja na kipimo chake. Kuondoa mashine hakuhitaji mtu awe amekufa. Kwa wengi wa mafakihi kujitibu si wajibu katika asili yake, na tiba isiyo na faida inaweza kuachwa. Ndiyo maana Makka wameweza kusema chomoeni, na papo hapo wakasema huyu si maiti. Lakini kumhesabu maiti kunavunja ndoa, kunafungua mirathi na wasia, na kunaruhusu kisu cha kutoa moyo. Hapo kinachotakiwa ni yakini, maana ukikosea umeua.

Wanaoshika msimamo wa Makka wanaanzia kwenye kanuni inayojulikana na kila mwanafunzi wa chuo: yakini haiondolewi na shaka. Uhai wa mtu huyu ulikuwa yakini. Tunabaki juu yake mpaka ije yakini nyingine, na moyo unaodunda unatosha kuleta shaka. Huwataja pia watu wa Pangoni, waliolala bila hisia miaka mingi na Qurani haikuwaita wafu. Sheikh Bakr Abu Zayd, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa baraza lililokutana Amman, aliandika utafiti mrefu unaoelekea upande huu: mashine iondolewe, hukumu ya kifo ingoje. Uzito wake unaonekana pale unapokumbuka kwamba baraza lake lilipitisha zaidi ya hapo.

Wa upande wa Amman nao hawakuibuni hoja kutoka hospitalini. Wamekwenda kwenye mlango wa jinai. Mafakihi wa kale waliuliza: mtu kampasua mwenzake tumbo, matumbo yakamwagika, kisha mwingine akaja akamkata shingo, nani muuaji? Wakajibu ni wa kwanza, kwa sababu yule aliyepasuliwa alishafika kwenye kile walichokiita harakati ya aliyechinjwa. Anatikisika, lakini uhai thabiti umemtoka. Kuku uliyemchinja hupiga mbawa na kukimbia hata nyuma ya banda, na hakuna anayesema hajachinjika. Kwa hiyo mwendo wa kiungo peke yake haukuwa kwao dalili ya uhai. Muhammad Naim Yasin akaongeza hoja ya roho: roho inautumikisha mwili kwa njia ya ubongo, na chombo kikiharibika kabisa kisiweze kupokea amri, roho imekwishaondoka. Moyo uliobaki unadunda kwa sababu mashine inautia oksijeni, kama ambavyo moyo uliokwisha kutolewa kifuani huweza kudunda kwa muda.

Hoja hii ni nzito, na nilipoutazama mkono wa mjomba nikaona ndiyo picha yake. Ila ina ufa mmoja. Alama za aliyechinjwa zilijulikana kwa macho ya kila mtu, na aliyefika hapo hakukaa ila muda mfupi. Lakini aliyekufa ubongo amewahi kuwekwa kwenye mashine kwa miaka. Msichana mmoja wa Oakland, Marekani, alitangazwa amekufa ubongo Desemba 2013, familia yake ikakataa, na moyo wake haukusimama mpaka Juni 2018. Katikati ya miaka hiyo alivunja ungo. Hata kuku wa kienyeji hapigi mbawa miaka minne na nusu.

Ufa wa pili uko ndani ya azimio lenyewe. Amman wamesema kazi zote za ubongo, na wakasema ubongo uwe umeanza kuoza. Vipimo nilivyoviona kitandani vinapima shina la ubongo na kuzimia kwa mgonjwa. Hakuna hata kimoja kinachopima ile sehemu inayozuia maji, na wapo wagonjwa wanaoshindwa vipimo vyote hivyo na bado figo zao zinazuia mkojo vizuri, maana yake sehemu hiyo bado inafanya kazi. Huyo, kwa herufi za azimio, kazi "zote" hazijasimama. Wala kuoza hakuonekani kwa tochi na pamba, kunahitaji picha ya kuonyesha damu haifiki tena kichwani. Daktari anayeandika "amekufa ubongo" na fakihi anayesoma "kazi zote" wanaweza wasiwe wanazungumza juu ya mtu mmoja. Kwa mjomba mambo yaliafikiana, mkojo ule mweupe ulishuhudia. Si kila mgonjwa yuko hivyo, na msomi anayepeleka fatwa ya Amman hospitalini bila kuuliza wamepima nini anafanya haraka.

Sasa viungo. Februari 1988, Jeddah, baraza lilelile la Amman lilitoa azimio la kupandikiza. Likaruhusu kutoa kiungo cha maiti kumpa aliye hai ambaye uhai wake au kazi ya msingi ya mwili wake inakitegemea, kwa idhini ya maiti kabla ya kufa au ya warithi baada yake. Likakataza kuuza. Na likaharamisha kutoa kwa mtu aliye hai kiungo ambacho uhai unakitegemea, kama moyo. Hesabu yake inatisha. Kwa Amman, moyo wa mjomba Jumatano saa tano ulikuwa moyo wa maiti, na ungeweza kuokoa mtu. Kwa Makka, kuutoa moyo uleule, saa ileile, ni kuchinja mtu. Na moyo hausubiri: ukisimama wenyewe kifuani bila damu, unaharibika ndani ya dakika chache. Figo ni mvumilivu zaidi, ndiyo maana anayefuata Makka bado ana njia: mashine iondolewe, moyo usimame, ingojwe kidogo, kisha figo zitolewe haraka.

Huku kwetu hakuna aliyetuuliza habari za figo za mjomba. Upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili Novemba 2017, ukafuatia Dodoma, na wanaotoa wamekuwa ndugu walio hai. Nimemwona jirani yangu akisafishwa damu mara tatu kwa wiki mpaka mishipa ya mkono ikawa migumu kama mzizi. Sisemi suala hili ni la mbali.

Kwetu lililo karibu zaidi ni mirathi. Nimewawekea wanafunzi wangu mfano huu, wala si wa familia yangu. Mzee ana mke, mtoto wa kiume na wa kike. Mtoto wa kiume ana mke na mtoto mmoja wa kiume, na hana mali yake. Mzee anatangazwa amekufa ubongo Jumatatu. Jumatano mtoto wa kiume anapata ajali ya pikipiki, anafariki. Ijumaa mashine inaondolewa, moyo wa mzee unasimama. Nyumba yake inauzwa kwa milioni 28.8.

Kwa Amman mzee alitangulia. Mkewe anapata thumuni, milioni 3.6. Zinabaki 25.2: kijana 16.8, binti 8.4. Fungu la kijana linakwenda kwa warithi wake: mama yake sudusi, milioni 2.8, mjane wake thumuni, milioni 2.1, na mwanawe 11.9.

Kwa Makka kijana alitangulia, kwa hiyo hakurithi kitu. Mke wa mzee anapata 3.6. Binti sasa yuko peke yake, anachukua nusu, milioni 14.4. Mjukuu anachukua kilichobaki, 10.8. Mjane wa kijana anatoka mikono mitupu.

Ukoo mmoja, nyumba moja, na binti anazidi au anapungukiwa milioni 6 kwa sentensi moja ya azimio. Nawaambia wanafunzi: msikubali kadhi au mzee wa ukoo achague baraza baada ya kuona nani atafaidi. Chagueni msimamo kabla ya kushika kalamu.

Mimi nimechagua Makka katika eda, mirathi na ndoa, na nasema wazi kwa nini. Kungoja siku moja hakumdhulumu yeyote haki iliyothibiti, na kuharakisha kunaweza kumdhulumu. Katika viungo nasita. Walioamua Amman walikuwa wanazuoni, walikaa na madaktari, na hoja yao ya aliyechinjwa sijaweza kuivunja yote. Nchini Saudia kwenyewe, ambako Makka iko, hospitali zimekuwa zikitoa viungo kwa waliokufa ubongo tangu miaka ya 1980. Mtu akiusia kiungo chake akifuata Amman, simwambii kakosea. Ila warithi wasipewe karatasi ya kusaini wakiwa hawajaoneshwa kile nilichooneshwa mimi: pamba, maji ya barafu na zile dakika kumi.

Alhamisi baada ya Alasiri tulimkalia mjomba. Binamu upande wa kulia, mimi kichwani. Tulimlaza ubavu kadiri mipira ilivyoruhusu, tukamtamkia shahada sikioni ingawa daktari alisema hasikii. Mashine ikaondolewa. Mapigo yalishuka kwenye kioo taratibu, yakakatika, yakarudi mawili, yakakatika. Dakika kumi na nane. Nilimfumba macho kwa kiganja, nikamfunga taya kwa kitambaa, nikatoka kwenda kumpigia mkaza mjomba.

"Leo, mama," nikamwambia. "Hesabu kuanzia leo."

Akaniambia nimsomee tarehe ya Kiislamu aiandike. Cheti cha hospitali kimeandikwa Jumatano, saa ile daktari alipotazama saa yake. Daftari la mkaza mjomba, lililofungwa kwenye kanga pamoja na msahafu, limeandikwa Alhamisi.